Taa ya juu ya meza ya chakula: pima kuanzia kwenye jicho, si kuanzia darini

*Tumehamia nyumba yetu hapa Tanga. Jikoni, meza ya chakula na sebule vyote viko eneo moja lililo wazi. Meza ni ya watu sita, sentimita 180 kwa 90, na dari ni mita tatu. Nikisimama kwenye sinki naitazama meza kwa urefu wake, nyuma yake kuna dirisha la upana wa mita mbili, na kwa mbali bahari. Kutoka sinki hadi dirishani ni kama mita sita. Mume wangu ameipenda taa moja kubwa ya upana wa sentimita 80, mimi nataka mbili ndogo. Fundi anasema vyovyote iwavyo tuipandishe ipite kichwa cha mtu. Tuchukue ya upana gani, na ining'inie wapi?*
*Msomaji, Tanga*

Dada, funga taa mbili, kila moja ya upana wa sentimita 35 hivi, zenye kofia isiyopitisha mwanga, na midomo yake ikae sentimita 70 juu ya meza. Kama meza yako ina kimo cha kawaida cha sentimita 75, mdomo wa taa utakuwa sentimita 145 kutoka sakafuni. Kila taa iwe sentimita 50 kutoka kwenye ncha ya meza iliyo karibu nayo, ukipima hadi katikati ya taa. Na balbu ijifiche ndani ya kofia kwa sentimita 11 au zaidi. Hicho kipimo cha mwisho wauzaji hawakitaji, nami nitakikazania kuliko vingine vyote, kwa sababu ndicho kinachoamua kama mtakula kwa raha au mtakula mmekunja macho.

Nianze na fundi wako, maana hoja yake ina msingi. Taa iliyo katikati ya chumba, mahali watu wanapopita, lazima ipite kichwa cha mtu mrefu. Lakini taa iliyo juu ya meza inalindwa na meza yenyewe: hakuna anayepita hapo. Hatari iliyobaki ni ya anayeinama kuandaa chakula au kufikia bakuli la mchuzi, na hatari hiyo haiondoki kwa kupandisha taa. Inaondoka kwa kuifanya taa iwe nyembamba kuliko meza. Meza yako ina upana wa sentimita 90. Taa ya 35 ikikaa katikati inaacha sentimita 27 na nusu kila upande, kwa hiyo kichwa cha anayeinama kina nafasi. Taa ya 80 inaacha sentimita tano tu kila upande. Hapo kweli watu watagonga vichwa, na hapo kweli fundi atakuwa sahihi kuipandisha. Ndiyo maana upana na kimo havichaguliwi kila kimoja peke yake: ukichagua pana mno, umeshajilazimisha kuipandisha, na kuipandisha kuna gharama yake.

Gharama ya kwanza ni mwanga wenyewe. Mwanga wa balbu hupungua haraka kadiri unavyoisogeza mbali, kwa mraba wa umbali. Tuseme balbu iko sentimita 12 ndani ya kofia. Mdomo ukiwa 70 juu ya meza, balbu iko 82 kutoka kwenye sahani. Ukipandisha mdomo hadi mita 1.9 kutoka sakafuni, kama anavyotaka fundi, balbu inakuwa sentimita 127 kutoka kwenye sahani. Mwanga unaofika mezani moja kwa moja unashuka chini ya nusu ya ule wa mwanzo. Wengi wakiona hivyo wananunua balbu kali zaidi, na hapo ndipo gharama ya pili, iliyo kubwa zaidi, inapojitokeza.

Gharama hiyo ya pili ni jicho. Kabla hujanunua chochote, kaa kwenye kiti chako cha mezani, egemea kama unavyokaa mkishamaliza kula na kuanza mazungumzo, kisha mtu mwingine ashike futikamba apime kutoka sakafuni hadi kwenye pembe ya jicho lako. Kisha mpime na mumeo. Watu wazima wengi, kwenye kiti cha kawaida, wanaangukia kati ya sentimita 115 na 125. Nitatumia 120. Mdomo wa taa ukiwa 145, basi uko sentimita 25 juu ya jicho, na mstari wa kutoka jicho lako hadi jicho la aliyekaa mbele yako unapita chini ya taa bila kuguswa na chochote. Hata utosi wa mtu mrefu aliyekaa unaonekana. Hapo mazungumzo yako salama.

Lakini jicho haliangalii mbele tu. Unapomtazama mtu anayeongea, mdomo wa taa uko palepale juu kidogo ya uso wake, na kama balbu inachungulia, jicho litaikuta. Swali la maana basi ni hili: kutoka pale nilipokaa, je, naiona balbu? Vuta mstari kutoka kwenye jicho lako upite chini kidogo ya ukingo wa taa ulio karibu nawe, uendelee kuingia ndani ya kofia. Mahali mstari huo unapokutana na katikati ya kofia, kila kilicho chini yake unakiona, na kila kilicho juu yake kimefichwa na ukuta wa kofia. Balbu inapaswa kuwa juu ya mstari huo.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kimo cha mdomo wa taa juu ya jicho, zidisha kwa nusu ya upana wa taa, kisha gawa kwa umbali uliobaki kati ya jicho na ukingo wa karibu. Kwako: aliyekaa ubavuni mwa meza ana jicho lililo kama sentimita 60 kutoka mstari wa katikati ya meza, yaani 45 za nusu ya meza na 15 za kutoka ukingo wa meza hadi usoni. Taa ya 35 ina nusu ya 17.5, kwa hiyo kutoka jicho hadi ukingo wa karibu zinabaki 42.5. Mdomo uko 25 juu ya jicho. Mara 17.5, gawa kwa 42.5, unapata sentimita 10 na kidogo. Ncha ya chini ya balbu ikiwa sentimita 11 juu ya mdomo wa kofia, haionekani. Wanaokaa kwenye ncha mbili za meza wako mbali kidogo zaidi na taa, kwa hiyo kwao balbu imejificha zaidi.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa kimo cha fundi. Mdomo kwenye mita 1.9 uko sentimita 70 juu ya jicho. Taa ileile ya 35 sasa inahitaji balbu iliyojificha karibu sentimita 29. Kofia za kina hicho utazitafuta sana. Kwa hiyo taa iliyokuwa tulivu inaanza kumulika usoni kwa sababu tu imepanda. Watu hudhani kinyume chake, kwamba taa ikiumiza macho dawa ni kuipandisha. Kwa taa yenye kofia ya kufunika, dawa ni kuishusha. Ukiishusha hadi sentimita 60 juu ya meza, kina kinachohitajika kinapungua hadi sentimita sita, ila hapo ukingo wake unaanza kuukaribia utosi wa mtu mrefu aliye mbele yako. Ndiyo maana nimesimama kwenye 70, na usinishangae ukijipima ukakuta 68 au 74 inawafaa zaidi.

Mtandaoni utakutana na kanuni ya Kimarekani inayosema kwamba kwa kila sentimita 30 ambazo dari inazidi mita 2.4, taa ipandishwe sentimita saba au nane. Dari yako ya mita tatu ingekupeleka hadi 160 kutoka sakafuni, na balbu ingelazimika kujificha sentimita 16 na nusu. Mimi siifuati kanuni hiyo kwenye meza ya kulia. Dari ikipanda, meza haipandi, kiti hakipandi, wala jicho lako halipandi. Kinachoongezeka ni urefu wa waya tu.

Na taa ya mume wako? Nusu ya 80 ni 40. Kutoka jicho hadi ukingo wa karibu zinabaki sentimita 20 peke yake. Ishirini na tano mara 40, gawa kwa 20: balbu inatakiwa kuwa nusu mita ndani ya kofia. Kama ni kofia ya wazi kwa chini, kila mtu wa ubavuni ataiona balbu, hakuna namna. Taa pana zinawezekana pale tu zinapokuwa na kitu cha ndani cha kuziba: sahani ya kioo cha maziwa kwenye mdomo, au vibati vya mviringo vilivyopangwa tabaka. Mdenishi Poul Henningsen alifanya hivyo kwenye taa yake ya PH 5 ya mwaka 1958, yenye upana wa sentimita 50: vibati vyake vimepangwa ili balbu isionekane popote ulipo. Mume wako akishikilia taa moja, mtafutieni ya namna hiyo, kati ya sentimita 45 na 60, yaani kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa meza. Itapendeza. Ila jueni kwamba kwenye meza ya sentimita 180, waliokaa nchani watakula kwenye mwanga mdogo kuliko waliokaa katikati, na kwamba kuna bahari ya kufikiria pia.

Hilo la bahari limenifurahisha, kwa sababu watu wachache hulifikiria kabla ya kutoboa dari. Ukiwa umekaa mezani huna tatizo: unaitazama bahari kwa chini ya taa. Upeo wa bahari, pale maji yanapokutana na mbingu, siku zote unaonekana kwenye usawa wa jicho lako, ukikaa au ukisimama. Jicho likiwa 120, upeo uko 120, na mdomo wa taa uko 145. Safi. Tatizo ni wewe uliyesimama kwenye sinki. Jicho lako hapo liko kama sentimita 150 au 155, na taa ya kimo cha sentimita 25 inajaza nafasi kati ya 145 na 170. Yaani taa inakaa hasa juu ya mstari wa maji. Hakuna kimo kitakachowaridhisha waliokaa na aliyesimama kwa pamoja, isipokuwa kile cha mita 1.9 ambacho kinaharibu mlo. Hivyo kwa aliyesimama usihangaike na kimo, hangaika na upana.

Meza yako imelala kuelekea dirishani, na hiyo ni bahati. Taa mbili zilizopangwa kwa urefu wa meza zinajipanga mstari mmoja mbele yako, ya nyuma ikijificha nyuma ya ya mbele. Unaona taa moja tu. Katikati ya meza ikiwa mita tatu kutoka sinki, taa ya karibu iko kama mita 2.6 kutoka kwenye jicho lako, na dirisha liko mita sita. Kitu cha sentimita 35 kilicho hapo kinafunika kama sentimita 80 za dirisha. Dirisha lako ni mita mbili, kwa hiyo unabaki na sentimita 60 za bahari kila upande, na ukisogea hatua moja unaiona yote. Taa ya 80, ikining'inia katikati ya meza, inafunika sentimita 160. Zinabaki 20 kila upande. Mwoneshe mume wako hesabu hii hata kabla ya ile ya balbu.

Na usishawishike kununua kioo kitupu kwa hoja kwamba kinapitisha macho. Mchana ni kweli, unaona nje kupitia ndani yake. Jioni ikifika, balbu iko uchi mbele ya kila jicho, na dirisha lililo na giza nyuma yake linageuka kioo cha kujitazamia: unaziona balbu mbili mezani na nyingine mbili dirishani. Kofia isiyopitisha mwanga haina shida hiyo, kwani kinachorudi dirishani ni picha ya meza yenye mwanga. Tufe la kioo cha maziwa ni kitu cha kati. Linawaka lote, kwa hiyo hesabu ya kuficha balbu haina kazi hapo, na dawa yake ni kutumia balbu dhaifu sana, isiyozidi lumeni 300 au 400, jambo ambalo kwa meza ya sita halitoshi bila taa nyingine chumbani.

Pwani kwetu kuna taa mbili ambazo huenda umeshaziona dukani. Ya kwanza ni ile ya kusuka, ya ukindu au mianzi. Ni nzuri na ni nyepesi, lakini ukuta wake una matundu, kwa hiyo mstari niliokueleza hauzibi kitu: balbu inachungulia katikati ya misuko, na vivuli vya misuko vinatambaa juu ya wali na nyuso za watu. Ukiipenda, weka kitambaa cha pamba kwa ndani, mbali na balbu, na balbu yenyewe iwe ya LED ya ukungu. Ya pili ni ile ya shaba au bati lililotobolewa nakshi, inayouzwa sana Mji Mkongwe, Unguja. Hiyo ipe heshima yake ukumbini au kwenye ngazi. Juu ya meza inatoa nukta za mwanga ukutani na kuacha sahani gizani.

Turudi kwenye mwanga wa meza yako, kwa sababu taa ikishuka na balbu ikijificha, watu huogopa kwamba mwanga utabana. Mstari uleule unaoficha balbu ndio unaochora mpaka wa mwanga. Kwa kofia ya 35 yenye balbu ambayo kitovu chake kiko sentimita 14 ndani, mwanga ukifika mezani umeshatanuka zaidi ya mita moja kila upande wa taa. Taa mbili zilizoachana sentimita 80 zinafunika meza yote bila kona ya giza. Angalia tofauti na vile vitaa vyembamba vya bomba, vya upana wa sentimita 16, ambavyo balbu imezama kiasi kilekile. Vinatoa duara la kama mita moja tu, na kwenye meza ya 180 utahitaji vitatu, la sivyo bakuli la katikati litawaka na sahani za nchani zitafifia.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa ambalo halimo kwenye vipimo. Kama macho hayaioni balbu, basi na balbu haiuoni uso. Uso wa mtu mezani hupata mwanga unaorudi kutoka mezani. Meza yenye kitambaa cheupe au cha rangi ya krimu inarudisha mwanga mwingi laini kutoka chini, na nyuso zinapendeza. Meza ya mninga uliopakwa vanishi nyeusi inaumeza, na mtu anaonekana mikono tu. Ukiwa na meza ya rangi nzito, tandika mikeka ya sahani ya rangi nyepesi, au washa taa ndogo ukutani au kwenye kabati la vyombo ili nyuso zipate mwanga wa upande.

Na kama meza yako ni ya kioo juu, kama zilivyo nyingi madukani siku hizi, hapo panahitaji uangalifu zaidi. Kioo cha meza kinafanya kazi kama kioo cha kujitazamia kilicholala. Umeficha balbu kwa juu vizuri kabisa, halafu unainamisha macho kwenye sahani na kuikuta ndani ya meza, kwa sababu kioo kinaitazama taa kutoka chini, pale ambapo kofia haizibi kitu. Kofia hata iwe ya kina gani haisaidii. Kinachosaidia ni kitambaa juu ya kioo, au taa yenye sahani ya ukungu kwenye mdomo wake. Unaweza kujua mapema: chukua simu yako, washa tochi ikielekea chini, ishike sentimita 80 juu ya meza usiku, mwingine akae kitini. Akikunja uso, umepata jibu.

Kuhusu balbu sitakuchosha. Mbili za LED, za ukungu, kila moja lumeni 500 hadi 600, zinatosha kwa kimo hiki. Balbu ya wati tisa iliyojaa kila duka hutoa karibu lumeni 800, na hiyo ni kali kidogo kwa karibu namna hii. Soma pembeni mwa boksi: chukua iliyoandikwa 2700K au 3000K. Ile ya 6500K, nyeupe yenye ubuluu, inafanya samaki wa kupaka aonekane amepoa kabla hajafika mezani. Kama boksi linaonesha Ra, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonesha rangi halisi za vitu, tafuta 90 kwenda juu. Na angalia kitako: taa nyingi za kuning'inia zinakuja na kitako cha skrubu, E27, wakati huenda balbu ulizo nazo ndani ni za pini, B22.

Sasa jaribio, kabla hujalipa. Chukua beseni la plastiki lenye mdomo wa karibu sentimita 35, lifunge kamba kwa juu ya kitako chake, lining'inize limefunikwa, mdomo chini, mita 1.45 kutoka sakafuni. Pasipo na ndoano darini, mtu mmoja alishike kwa mpini wa fagio. Kwa ile ya mume wako, kata duara la sentimita 80 kwenye boksi la friji au televisheni na ulining'inize vilevile. Kaeni mezani nyote, mbadilishane viti, mmoja ainuke kumwekea mwenzake chai. Kisha wewe nenda ukasimame kwenye sinki. Jambo hili huchukua jioni moja, na mara nyingi linamaliza mabishano ya nyumbani bila mtu kushindwa, kwa sababu kila mmoja ameona kwa macho yake.

Kuhusu ufungaji, angalia urefu wa waya kabla ya kutoka dukani. Dari yako ni 300, mdomo wa taa 145, kimo cha taa 25: unahitaji waya wa sentimita 130 hadi kwenye kofia, na taa nyingi zinauzwa na waya wa mita moja. Waya wa mita moja ungeiacha taa kwenye 175, na huo ndio mwanzo wa kusema "iache hapohapo". Mwambie fundi aweke waya wa mita mbili na asikate wa ziada, aukunje ndani ya kikombe cha darini. Kama dari ni ya jipsamu, taa isishikwe na jipsamu yenyewe. Ishikwe na mbao iliyo nyuma yake au zege, hasa ikiwa ni ya chuma au ya kioo kizito.

Hukusema tundu la umeme liko wapi, ila kwenye nyumba nyingi liko katikati ya chumba na meza iko kwingine. Usisogeze meza kufuata tundu. Fundi aweke ndoano mbili darini juu ya mstari wa katikati ya meza, waya zitoke kwenye tundu, zilegee kidogo, zipite kwenye ndoano ndipo zishuke. Inaonekana kama imekusudiwa, na siku ukihamisha meza unahamisha ndoano.

Wala hukutaja pangaboi. Kama lipo, ncha za mapanga yake ziwe mbali na taa angalau mita moja, maana waya wa zaidi ya mita moja hupepesuka kwa upepo mdogo tu, na taa ikipepesuka vivuli vya glasi vinatembea mezani. Pia chagua kofia iliyozibwa juu. Ikiwa wazi kwa juu, mwanga unaopanda darini unakatwakatwa na mapanga, na chumba kizima kinapepesa usiku kucha.

Mwisho ni siku za shughuli. Ikija Idi au hitma, meza itasukumwa ukutani na mikeka itandikwe, na taa zitabaki zikining'inia kwenye 145, usawa wa kidevu cha mtu mzima anayepita. Kwa hiyo fundi akiwa bado na ngazi, aongeze ndoano ya pili kwa kila taa, sentimita 30 pembeni ya ile ya kwanza, na afunge kitanzi kidogo kwenye waya, sentimita 60 chini ya dari. Siku hiyo unakwea kistuli, unatundika kitanzi kwenye ndoano ya pili, na taa inapanda karibu sentimita 60, hadi mita mbili na kidogo. Wageni wakiondoka, unaishusha.